Tarakimu Zinazofichua Kosa

Mwanafunzi wa uhasibu akishamaliza sura ya kanuni, huwa na ukurasa mmoja au miwili ya muhtasari. Humo mna majina: nafsi ya biashara, gharama ya awali, malimbikizo, tahadhari, kutobadilika, kuendelea kwa biashara. Kila jina lina sentensi yake moja. Kisha anatakiwa kujitungia maswali ya mazoezi na majibu yake, au mwalimu anamtungia, na hapo ndipo kazi huharibika. Swali linalotoka ni "Eleza maana ya kanuni ya tahadhari," na jibu ni ile sentensi ya muhtasari iliyonakiliwa. Anayelijibu amepima kumbukumbu yake tu. Siku ya mtihani, uwe wa kidato cha nne au wa bodi kama NBAA ya Tanzania na KASNEB ya Kenya, anakutana na duka lenye bidhaa zilizobaki rafu na bei zilizoshuka, na hajui aanzie wapi.

Swali zuri la uhasibu hutungwa kwa kuanzia kwenye kosa. Kabla ya kuandika neno lolote, mtungaji hujiuliza: mtu aliyeielewa kanuni hii nusunusu angekosea wapi? Akishayajua makosa hayo, huchagua tarakimu ambazo zitalipeleka kila kosa kwenye jibu lake tofauti.

Chukua mfano mdogo wa kanuni ya malimbikizo, ile inayotaka gharama iingie katika kipindi inachokihusu, hata kama fedha zililipwa kabla au baadaye. Mtungaji mwenye haraka ataandika kwamba duka lililipa kodi ya pango ya miezi 12, shilingi 1,200,000, tarehe 1 Julai, na mwaka wa hesabu unaishia 31 Desemba. Hesabu ni nyepesi: gharama ya mwaka ni 600,000, na kodi iliyolipwa mbele ni 600,000. Lakini mwanafunzi aliyechanganya hivyo viwili, akaipeleka sehemu ya mwakani kwenye taarifa ya mapato na sehemu ya mwaka huu kwenye mizania, amepata tarakimu zilezile na atawekewa tiki. Sogeza malipo yawe 1 Septemba. Sasa gharama ya mwaka ni 400,000 na iliyolipwa mbele ni 800,000. Aliyegeuza ataonekana, na aliyehesabu miezi mitatu badala ya minne ataonekana kwa 300,000 yake. Kilichobadilika ni tarehe moja tu.

Nataka tukae zaidi kwenye kanuni ya tahadhari, maana ndiyo ambayo muhtasari huinyonga kuliko zote. Kwa kawaida sentensi yake husema: bidhaa zilizobaki huthaminiwa kwa gharama ya kununulia au kwa thamani halisi ya kuuzika, ile iliyo ndogo. Sentensi hiyo ni sahihi, ila imeacha mambo mawili ambayo kiwango cha kimataifa cha IAS 2 huyatilia mkazo. Kwanza, thamani halisi ya kuuzika si bei ya kuuzia. Ni bei hiyo ukishatoa gharama za kukamilisha bidhaa na za kuiuza. Pili, ulinganisho hufanywa kwa kila aina ya bidhaa peke yake, haufanywi kwa jumla ya duka zima. Mtungaji anayetazama muhtasari peke yake hatayaona mambo haya. Inampasa arudi kwenye sura yenyewe, atafute yale masharti yaliyokatwa wakati wa kufupisha, kwa sababu humo ndimo makosa hujificha.

Sasa tutunge swali lenyewe. Duka la nguo linafunga hesabu zake 31 Desemba likiwa na bidhaa za aina tatu. Vitenge vilinunuliwa kwa shilingi 900,000. Vinatarajiwa kuuzwa 1,150,000, na kuviuza kutagharimu 50,000. Sare za shule zilinunuliwa kwa 600,000, lakini shule iliyokuwa ikizinunua imebadilisha rangi. Zitauzika kwa 480,000 baada ya kutiwa rangi upya kwa 30,000. Mashuka yalinunuliwa kwa 400,000. Yatauzwa 440,000, na usafirishaji wa kumpelekea mnunuzi ni 10,000. Sehemu ya kwanza ya swali: kokotoa thamani ya bidhaa zilizobaki.

Jibu la mfano huanza na thamani halisi ya kuuzika ya kila aina: vitenge 1,100,000, sare 450,000, mashuka 430,000. Kisha huchagua iliyo ndogo katika kila mstari: vitenge 900,000 kwa gharama, sare 450,000 kwa thamani ya kuuzika, mashuka 400,000 kwa gharama. Jumla ni 1,750,000.

Tazama wanakofikia waliokosea. Aliyelinganisha jumla na jumla atapata 1,900,000, kwa kuwa gharama zote kwa pamoja ni ndogo kuliko thamani zote za kuuzika, ambazo ni 1,980,000. Aliyesahau kutoa gharama ya kutia rangi na nyinginezo ataandika 1,780,000. Aliyedhani bidhaa huthaminiwa kwa bei ya kuuzia ataandika 2,070,000. Aliyechukua kubwa badala ya ndogo ataandika 2,130,000. Hakuna makosa mawili yaliyokutana hapo, na mwalimu akiona tarakimu ya mwisho anajua papo hapo amrudishe mwanafunzi kwenye nini. Anayejisomea peke yake naye anafaidika vilevile, mradi jibu la mfano liyaandike hayo makosa pembeni: "ukipata 1,780,000, hukutoa gharama za kukamilisha na kuuza."

Sharti la kulinganisha jumla na jumla lilihitaji uangalifu kidogo. Ili mtego huo ufanye kazi, lazima angalau aina moja iwe na thamani iliyoshuka chini ya gharama, na angalau nyingine moja iwe na thamani iliyo juu ya gharama yake. Kama bidhaa zote tatu zingekuwa zimeshuka, njia mbaya na njia nzuri zingetoa jibu moja.

Sehemu ya pili ya swali: mwenye duka alikuwa ameshapata faida ghafi ya 820,000 akitumia bidhaa zilizobaki za 1,900,000. Onyesha faida ghafi sahihi. Bidhaa za mwisho zikipungua kwa 150,000, gharama ya mauzo inaongezeka kwa kiasi hichohicho, na faida inashuka hadi 670,000. Hapa jibu la mfano lazima liseme jambo ambalo watungaji wengi huliacha: aliyekosea sehemu ya kwanza asiadhibiwe tena katika ya pili. Mwenye 1,780,000 akionyesha punguzo la 120,000 na faida ya 700,000, apewe alama zote za sehemu hii. Njia yake ni sahihi. Tarakimu tu alikuja nazo kutoka juu.

Sehemu ya tatu ni ya maneno: mwenye duka anasema hasara ya sare isubiri mpaka ziuzwe, na faida ya vitenge iingizwe sasa kwa kuwa wateja wapo. Mjibu. Hili ndilo swali linaloonyesha kama mtu ameielewa kanuni au ameshika njia tu. Jibu kamili lina hoja tatu. Hasara ya sare imeshajitokeza kufikia tarehe ya kufunga hesabu, hivyo inaandikwa sasa. Faida ya vitenge haijapatikana kwa kuwa havijauzwa, hivyo haiandikwi. Na faida inayotarajiwa kwa aina moja haiwezi kutumika kuificha hasara ya aina nyingine.

Alama nazo zigawiwe kabla swali halijamfikia mtu. Kwa swali hili ningetoa 12: tatu kwa thamani za kuuzika, tatu kwa uchaguzi wa kila mstari, moja kwa jumla, mbili kwa sehemu ya pili, tatu kwa hoja za mwisho. Mgawanyo huo ukikataa kukaa vizuri, mara nyingi ni dalili kwamba swali lina kasoro. Ukiona huwezi kusema alama ya tatu ya hoja inatolewa kwa neno gani, basi hata wewe hujui unauliza nini.

Kwenye hoja za tahadhari kuna jibu moja la mfano lililoenea ambalo lingefaa lifutwe kila linapoonekana: kwamba tahadhari ni kuonyesha faida ndogo iwezekanavyo. Mfumo wa dhana wa viwango vya kimataifa uliiondoa tahadhari mwaka 2010, ukairudisha mwaka 2018, na uliporudisha ulieleza wazi kwamba ni uangalifu wa kuamua mahali pasipo na uhakika, na kwamba haumruhusu mtu kupunguza mali au kuongeza madeni kwa makusudi. Anayethamini vitenge vyake kwa 700,000 "kwa tahadhari" naye amekosea, na swali la mazoezi linaweza kumweka mtu wa namna hiyo ndani yake ili mwanafunzi amkosoe.

Kasoro nyingine hutokea pale swali linapouliza "ni kanuni gani imekiukwa?" bila kutoa habari za kutosha. Mfano unaorudiwarudiwa ni wa biashara iliyobadilisha njia ya kukokotoa uchakavu wa gari lake, na jibu linalotarajiwa ni kanuni ya kutobadilika. Lakini IAS 16 inaitaka biashara ibadilishe njia hiyo ikiwa namna gari linavyotumika imebadilika kweli. Mwanafunzi mwerevu aliyesoma sura nzima atajibu kwamba huenda hakuna kilichokiukwa, na jibu la mfano litamnyima alama akiwa na haki. Dawa yake ni sentensi moja ndani ya swali: "matumizi ya gari hayajabadilika, mwenye biashara alitaka tu faida ya mwaka huu ionekane kubwa." Baada ya hapo jibu ni moja.

Kupima kama swali limekamilika si kazi ngumu. Mpe mtu aliyesoma sura hiyo, bila jibu, na umwombe aandike pembeni kila alichokidhania kwa sababu hakikuandikwa. Orodha hiyo ndiyo sahihisho lako. Mara nyingi kinachokosekana ni tarehe ya kufunga hesabu, kwani mtungaji anaijua kichwani na husahau kuiweka kwenye karatasi. "Duka lililipa kodi ya miezi 12 tarehe 1 Septemba, onyesha gharama ya mwaka" halijibiki mpaka liongezwe maneno "mwaka ulioishia 31 Desemba". Kinachofuata kwa wingi ni kutosema kama kiasi kilichotolewa ni gharama ya kununulia au bei ya kuuzia, hasa katika maswali ya nafsi ya biashara, ambapo mwenye duka amechukua bidhaa akazipeleka nyumbani. Bidhaa hizo huondolewa kwenye manunuzi kwa gharama. Swali likisema tu "bidhaa za shilingi 100,000", mmoja ataandika 100,000, mwingine atatoa faida kwanza aandike 80,000, na hakuna kati yao unayeweza kumwambia amekosea.