Alamu 275 katika dakika 11

Jumapili tarehe 24 Julai 1994, asubuhi, radi zilipiga juu ya kiwanda cha kusafisha mafuta cha Texaco kule Milford Haven, Wales. Umeme ukayumba, moto mdogo ukazuka kwenye mtambo mmoja, na mitambo ikaanza kuzimwa mmoja baada ya mwingine. Uliobaki ukifanya kazi ni ule unaovunja mafuta mazito kuwa mepesi. Saa 7 na dakika 23 mchana kiwanda kililipuka. Takriban tani 20 za mafuta na gesi zilikuwa zimemwagika kutoka kwenye bomba lililopasuka, wingu lake likapata moto. Watu 26 waliumia, wote kidogo tu. Kilichowaokoa ni kwamba siku ile haikuwa ya kazi na wengi walikuwa nyumbani.

Kati ya radi za asubuhi na mlipuko wa mchana zilipita karibu saa tano. Hitilafu ya msingi inaelezeka kirahisi. Baada ya mtikisiko wa umeme, vali moja chini ya mnara unaotenganisha gesi na petroli ilijifunga ikabaki imefungwa. Kwenye skrini ya chumba cha udhibiti, vali hiyo ilionekana iko wazi. Mnara ukajaa, presha ikapanda, mafuta yakatafuta njia ya juu kuelekea kwenye mnara wa kuchomea gesi. Kabla ya kufika huko yanapita kwenye tangi linalonasa majimaji, kwa sababu bomba la mbele yake limejengwa kubeba gesi, si kimiminika. Tangi hilo nalo likafurika, kimiminika kikaingia kwenye bomba lililokuwa limeliwa na kutu, nalo likakatika penye kona.

Tangi lile lilikuwa na alamu ya kujaa, na ililia kabla ya mlipuko. Waendeshaji hawakuiona.

Wachunguzi wa mamlaka ya usalama kazini ya Uingereza walikwenda kusoma kumbukumbu za kompyuta ili kujua kwa nini. Walikuta kwamba katika dakika 11 za mwisho waendeshaji wawili walitakiwa kutambua, kupokea na kushughulikia alamu 275. Hiyo ni alamu moja kila baada ya sekunde mbili au tatu. Kila inapolia, mstari mpya unajitokeza juu ya orodha na kusukuma mingine chini, honi inapiga, na mkono unakwenda kwenye kitufe cha kuinyamazisha. Mtu akishafika hapo hasomi tena. Anabonyeza ili kelele iishe, apate nafasi ya kufikiri, na kabla hajafikiri honi imelia tena. Mstari wa lile tangi ulipita humo humo kati ya mistari inayofanana nao.

Kwa nini ifanane? Hapo ndipo ripoti ilipogusa jambo ambalo bado linavisumbua viwanda, vituo vya umeme na mitambo ya maji duniani kote. Sehemu kubwa mno ya alamu za kiwanda kile ilikuwa imepangwa katika daraja la juu kabisa la dharura. Alamu ya jambo linaloweza kusubiri ilikuja na daraja lile lile la alamu ya hatari kubwa. Kila kitu kikiitwa dharura, mwendeshaji hana tena dalili ya kumwambia aanzie wapi.

Ukitaka kuelewa mambo yalivyofika hapo, rudi nyuma kwenye vyumba vya udhibiti vya zamani. Alamu moja ilikuwa taa yake, kidirisha chake cha kioo chenye maandishi, na waya wake uliovutwa kutoka kwenye mtambo. Nafasi ukutani ilikuwa na mwisho na fundi alihitaji kulipwa, kwa hiyo mhandisi aliyetaka kuongeza alamu alilazimika kuitetea. Kompyuta zilipoingia, gharama hiyo ikaondoka. Kila kipimo kikaja na alamu zake nne au tano tayari ndani ya programu: juu, juu sana, chini, chini sana, kipimo kimeharibika. Kuziwasha ni kazi ya dakika moja. Kuizima mojawapo ni kazi ngumu, kwa sababu likitokea baya kesho mtu ataulizwa nani aliizima. Naamini woga huu wa lawama umezalisha alamu nyingi kuliko hatari zenyewe.

Miaka mitano baada ya Milford Haven, mwaka 1999, jumuiya ya watumiaji wa vifaa vya kihandisi ya Uingereza, EEMUA, ilichapisha mwongozo namba 191. Viwango vya kimataifa vilivyofuata vimejengwa juu ya wazo lile lile, kwamba alamu ni ombi la kazi kwa mtu mmoja aliyeketi pale, na hupimwa kwa uwezo wake huyo mtu. Siku ambayo mtambo umetulia, mwendeshaji asipate zaidi ya alamu moja kwa dakika kumi. Akipata zaidi ya kumi ndani ya dakika kumi, hayo yanahesabiwa kuwa ni mafuriko, na hakuna anayetarajia azishughulikie zote. Kati ya alamu zote zilizopangwa, kama asilimia 80 ziwe za daraja la chini, 15 za kati na 5 tu za juu. Pima dakika zile 11 kwa kipimo hicho.

Kazi ya kufika huko haina njia ya mkato. Mhandisi wa mtambo, mtu wa usalama na, muhimu kuliko wote, mwendeshaji mzoefu huketi meza moja na kupitia alamu moja baada ya nyingine, wiki hadi wiki. Kwa kila moja wanauliza inalia kwa sababu gani, mwendeshaji afanye nini ikilia, asipofanya kitatokea nini, na ana muda gani. Ikiwa jibu la swali la kufanya nini ni “hakuna, ajue tu”, hiyo si alamu. Pampu ya akiba imejiwasha yenyewe kama ilivyopangwa? Iandikwe kwenye kumbukumbu, isimlilie mtu.

Tuchukue tangi la kunasa majimaji kama lile la Wales, kwa vipimo vya mfano. Lina kimo cha mita 3, na kimiminika kikipita mita 2.5 kinaanza kuingia kwenye bomba la gesi. Siku mbaya kabisa kinapanda sentimita 5 kwa dakika. Mwendeshaji anahitaji dakika 2 kuona na kuelewa, mwenzake wa nje anahitaji 5 kutembea hadi kwenye tangi, na 3 kuwasha pampu na kufungua vali. Jumla ni dakika 10, ambazo ni sentimita 50. Alamu ikiwekwa mita 2.4, kwa sababu inaonekana karibu na hatari, inamwachia dakika mbili tu: ataisikia, ataielewa, na bomba litakuwa limeshaingia mafuta. Ni lazima iwe chini ya mita 2.0. Meza inakubaliana iwe 1.8.

Bado kuna uso wa kimiminika, ambao hautulii. Unapanda na kushuka kidogo, na ukicheza pale pale kwenye 1.8 alamu italia, itanyamaza, italia tena, mara kadhaa kwa dakika. Alamu za namna hii mara nyingi huwa chache kwa idadi, lakini ukifungua kumbukumbu za mwezi utakuta hizo chache ndizo zimetoa sehemu kubwa ya makelele yote. Ndizo za kushughulikia kwanza. Tiba yake ni mbili. Ya kwanza ni kuiambia alamu ikishalia isizime hadi kimo kishuke vizuri, tuseme asilimia 5 ya kipimo, yaani hadi mita 1.65. Ya pili ni kuichelewesha isilie hadi hali idumu, na kwa vimo vya matangi dakika moja ni mahali pazuri pa kuanzia. Watu husahau kwamba dakika hiyo inatoka kwenye mfuko wa mwendeshaji. Kwa tangi letu, kuchelewa huko kunakula sentimita 5. Inabaki nafasi ya sentimita 65, ambazo ni dakika 13, naye anahitaji 10. Inatosha. Kama ingekuwa tumeweka alamu kwenye 2.0, isingetosha, na aliyeongeza ucheleweshaji kwa nia njema angekuwa ameiondoa alamu bila kujua.

Halafu linakuja daraja. Matokeo yake ni bomba kukatika na moto. Muda ni mfupi. Hii inastahili kuwa miongoni mwa zile asilimia 5. Tangi la maji ya kunawa linalopungua linaweza kupewa daraja la chini bila aibu, ingawa kila msimamizi anayeketi kwenye meza hiyo hutetea mtambo wake kuwa ndio wa dharura. Mwendeshaji ndiye anayefaa kuamua ubishi huo, maana ndiye atakayekuwa na mikono miwili tu usiku huo.

Mafuriko yenyewe yanahitaji dawa nyingine, kwa kuwa hata alamu zilizopangwa vizuri hulia pamoja mtambo unapoanguka. Pampu ikizimika, kasi ya mtiririko inashuka, presha inashuka, tangi la mbele linapungua, na kila mojawapo inalia kueleza habari ambayo mwendeshaji anaijua tayari. Programu inaweza kufundishwa kwamba pampu ikiwa imezimwa, alamu ya mtiririko mdogo inyamaze. Hapa tahadhari inahitajika: amri hiyo ikitegemea taarifa ya uongo, inaficha ukweli. Ile vali ya Milford Haven iliripoti kwamba iko wazi. Mpango wowote wa kunyamazisha alamu uliojengwa juu ya ripoti ya vali ile ungezidisha giza.

Na kusema kweli, alamu zikiwa safi zisingeifungua vali. Ushahidi kwamba imefungwa ulikuwepo, lakini umetawanyika: mafuta yanaingia kwenye mnara na hayatoki, na namba hizo zilikuwa kwenye skrini tofauti. Wachunguzi walitaka pawepo skrini moja inayoonyesha mtambo mzima, kinachoingia na kinachotoka. Walitaka pia waendeshaji wafundishwe, kabla ya siku kama ile, ni wakati gani waache kuhangaika kuuokoa mtambo na wauzime. Kwa karibu saa tano wale watu walijitahidi kuurudisha kwenye hali yake, alamu moja baada ya nyingine, na hakuna mstari hata mmoja kati ya ile 275 ulioandikwa kuwaambia wasimamishe.