"Zimebaki 3 tu, mwisho leo": kabla hujaiposti msimu huu wa shule

Januari moja nilikuwa nauza mabegi ya shule. Jumanne nikaposti stetasi: "Zimebaki 3 tu! Mwisho leo saa 6 usiku, kesho bei inarudi 35,000." Ukweli ni kwamba stoo nilikuwa na mabegi 22, na hiyo 35,000 sikuwahi kumuuzia mtu. Bei yangu ilikuwa 25,000 tangu Novemba.

Saa 4 usiku mama mmoja akaniuliza, "Dada, kweli leo ndio mwisho?" Nikamjibu ndiyo. Saa 5 hela ikaingia. Jumatano asubuhi nikaposti stetasi ileile, na yeye akaiona. Hakunitukana. Aliandika tu kwamba ile hela alikopa usiku ule kwa watu wa kausha damu, na wiki ijayo anarudisha 35,000. Angesubiri hadi Ijumaa angelipa kwa mshahara wake, na shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

Hebu tupige hesabu. Mimi nilipata faida yangu ya 7,000. Yeye akapoteza 10,000 ya riba kwa sababu ya sentensi moja niliyoitunga mwenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba uongo wa "mwisho leo" hauwaumizi wateja wote sawa. Mwenye hela mfukoni anawahi siku mbili tu, basi. Asiye nayo anaenda kuikopa.

Sasa, sisemi usiwaharakishe watu. Msimu una haraka yake ya kweli na mteja anahitaji kuijua. Kinachotakiwa ni haraka hiyo iwe na sababu unayoweza kuitaja. Mfano: "Oda za Mbeya mwisho Alhamisi saa 10 jioni, maana mzigo unapelekwa stendi jioni hiyo na basi linaondoka Ijumaa alfajiri." Au kama unauza masweta ya shule: "Fundi anahitaji siku 3 kushona nembo, ukilipa baada ya Jumatano hutalipata kabla ya Jumatatu." Hapo mteja anaweza kupima mwenyewe. Wa hapa mjini ataona wazi kwamba tarehe ya basi haimhusu.

Idadi nayo iende na maelezo yake. Kama bluu zimebaki 3 lakini nyeusi zipo 15, andika zote mbili. Na kama mzigo mwingine unaingia tarehe 6, sema. Najua hapa wengi mnaguna, na kweli kuna watakaosubiri huo mzigo mpya. Mimi niliwapoteza wachache hivyo. Ila ukijua mzigo unakuja halafu ukaandika "zikiisha ndio basi", huo ni uongo hata kama namba 3 ni ya kweli. Kila jioni hesabu stoo, futa posti ya zamani, weka namba mpya. Posti ya juzi inayosema 3 wakati umeshauza zote inamsumbua mtu bure.

Ile bei iliyokatwa kwa mstari, weka tu kama uliwahi kuuzia kweli. Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mteja, na Tume ya Ushindani ndiyo inayoisimamia.

Kuna jambo ambalo sheria haiwezi kukushika nalo, na mimi naliona baya zaidi: "Usikubali mwanao aaibike mbele ya wenzake." Hiyo haisemi chochote kuhusu begi. Inamgusa mzazi asiye na hela pale pale panapomuuma. Andika zipu, mshono, madaftari mangapi yanaingia.

Halafu kule inboksi, soma dalili. Mtu anakuuliza mara mbili kama leo ndio mwisho, anaomba kulipa nusu nusu, au anaandika "ngoja nitafute mahali". Huyo hata haraka ya kweli usimkazie. Siku hizi namjibu hivi: "Usikope dada. Nakuwekea hadi Ijumaa saa 12 jioni, ukikwama niambie." Simdai kitu. Naweka hivyo mabegi yasiyozidi 5 kwa wakati mmoja, najiandikia jina na saa kwenye daftari, na saa ikifika namtumia ujumbe mmoja kabla ya kulirudisha sokoni. Nimewahi kuwekea watu 9 kwa huruma, wakarudi 4, shule zikawa zimeshafunguliwa na mabegi 5 yakanilalia hadi Juni. Ndiyo maana nikaweka kikomo.

Yule mama nilimrudishia 10,000 ya riba. Hakuwahi kununua kwangu tena.