Wanyama wa Nyumbani na Sikukuu (2): Ua Jeupe na Uzi Unaometa

Juma lililopita tulizungumzia mifupa na masalio ya karamu. Leo tuingie sebuleni, kwenye mapambo.

Pale City Market, upande wa Barabara ya Muindi Mbingu, wauza maua huanza kujaza ndoo zao mapema sana kila Desemba. Mwaka jana nilisimama pembeni ya kibanda kimoja nikamtazama kijana akimfungia mama mmoja shada la lili nyeupe. Kabla ya kulikunja kwenye karatasi, alishika karatasi ya shashi akachomoa vile vichwa vya rangi ya chungwa vilivyomo katikati ya ua, kimoja baada ya kingine, vyote sita. "Hivi mama, chavua haitachafua kitambaa chako cha meza," alimwambia. Nilimuuliza yule mama kama ana paka nyumbani. Alinishangaa, kisha akajibu kwamba anao wawili, katika nyumba ya orofa ya nne kule Kileleshwa. Nilimsihi abadilishe shada.

Kijana alikuwa amefanya kazi yake vizuri, na kitambaa kingesalimika. Lakini kuchomoa chavua hakuliondolei lili sumu. Sumu yake imo katika petali, jani, shina, chavua, na hata katika maji ya chombo ambamo maua yamelala usiku kucha. Paka akitafuna majani mawili tu, au akipita chini ya ua, chavua ikamwangukia manyoyani, kisha akajiramba kama ilivyo desturi yake, inatosha kumuua. Wanasayansi hawajaitambua kwa uhakika kemikali yenyewe, lakini inakopiga panajulikana: ni kwenye figo. Kinachoshangaza ni kwamba mbwa akila ua hilohilo ataumwa tumbo tu, pengine atapike. Figo za paka ndizo zisizolistahimili.

Ugonjwa huu una mwendo wa kuhadaa, na hapo ndipo wengi wanapopoteza paka wao. Katika saa chache za kwanza paka hutapika, hudondokwa na mate, na hukataa chakula. Kisha, kati ya saa 12 na 24, kutapika hukoma. Mwenye nyumba hupumua akasema kumbe lilikuwa tumbo tu, limepita. Muda huo wote figo zinaendelea kuharibika. Siku ya pili au ya tatu paka huanza kunywa maji mengi na kukojoa mno, halafu mkojo hupungua hadi ukakauka kabisa. Akifikishwa kwa daktari katika hatua hiyo, mara nyingi hakuna la kufanya. Akifikishwa kabla ya saa 18 kupita tangu alipokula, hutapishwa, hupewa dawa ya mkaa, kisha huwekewa dripu kwa siku mbili hadi tatu mfululizo ili figo zisafishwe, na wengi hupona. Kwa hiyo ukikuta jani la lili lina alama za meno, usingoje dalili. Mfute paka chavua kwa kitambaa chenye maji, mbebe, na ulibebe pia lile ua, maana daktari atataka kuliona.

Kuna mkanganyiko wa majina ambao lazima niufafanue, kwa kuwa katika masoko yetu karibu kila ua refu lenye shina huitwa lili. Lile la hatari lina petali kubwa sita, na majani membamba yamepanda shina lote kuanzia chini hadi juu. Lile jeupe lenye umbo la faneli, ambalo petali yake ni kama karatasi iliyokunjwa mara moja, ni la jamii nyingine. Litamwasha paka mdomoni na kumtoa mate, lakini haliui figo. Halafu lipo alstromeria, ambalo mashamba yetu huuza kwa wingi na ambalo bei yake si ya kutisha. Maua yake ni madogo, yamekusanyika kileleni, na ndani yana michirizi myembamba kama iliyochorwa kwa kalamu ya wino. Shika jani lake utazame linapoanzia shinani: limejisokota, upande wa chini umegeuka juu. Hilo, likiliwa, litamsumbua paka tumbo kidogo basi. Ukitaka usalama zaidi, chagua waridi au jerbera. Waridi likishakwanguliwa miiba halina neno, na Mkenya hana haja ya kulitafuta mbali.

Na poinsetia? Huo ndio mmea ambao watu huniuliza zaidi, kwa sababu umevuma kuwa sumu kali. Katika nyua za Lavington na Loresho huota mpaka ukapita ukuta, na majani yake mekundu hukatwa kupambia meza ya Krismasi. Utomvu wake mweupe huwasha kinywa na huweza kumtapisha mnyama. Uweke mbali naye, lakini hofu yako ipeleke kwenye lili.

Sasa nigeukie kitu ambacho si sumu hata kidogo, nacho kimenipa usiku mgumu kuliko maua yote: zile nyuzi za plastiki za rangi ya fedha na dhahabu zinazozungushwa kwenye mti. Huuzwa Biashara Street, huuzwa River Road, na wachuuzi huzitundika mabegani kama mitandio.

Mwaka mmoja jirani yangu wa Kilimani alipamba mti wake Jumamosi jioni. Jumapili usiku paka wake alitapika mara mbili. Jumatatu hakugusa chakula, na Jumanne alijificha chini ya kitanda asitoke. Ndipo mama huyo alipobisha mlangoni kwangu. "Daktari, nadhani ni yule samaki wa juzi," aliniambia. Tulimtoa paka taratibu. Nilimfungua kinywa kwa mkono mmoja, na kwa kidole gumba cha mkono wa pili nikasukuma juu ile nyama laini iliyo kati ya mifupa ya taya, ili ulimi uinuke. Chini kabisa, kwenye shina la ulimi, palikuwa na uzi mwembamba wa fedha uliozunguka na kuzama nyamani, umekwisha kuacha kidonda. Ncha zake mbili zilielekea kooni.

Ulimi wa paka una vimiiba vilivyoelekea nyuma, upande wa koo. Ndivyo anavyojichania manyoyo na kukwangulia nyama kwenye mfupa. Uzi ukishanasa kwenye vimiiba hivyo, paka hawezi kuutema hata akitaka; kila anapotikisa ulimi unazidi kuingia. Sehemu moja ikikwama chini ya ulimi, au kwenye mlango wa kutokea tumboni, sehemu iliyobaki huendelea kusukumwa na utumbo kwenda mbele. Utumbo unasukuma, uzi hausogei, basi utumbo wenyewe ndio unaopanda juu ya uzi. Fikiria kiuno cha suruali yenye kamba: ukivuta kamba, kitambaa chote hujikunyata. Utumbo hujikunja vivyo hivyo, na uzi uliokazwa ndani yake huanza kukata kama msumeno. Ukipenya, uchafu wa utumboni humwagika ndani ya tumbo, na hapo hali inakuwa ya kufa na kupona.

Yule paka alipasuliwa usiku uleule. Eksirei haikuuonyesha uzi, kwa sababu plastiki nyembamba mara nyingi haionekani kwenye picha hiyo. Ilionyesha utumbo uliojikusanya upande mmoja, na viputo vya hewa vyenye umbo la ajabu. Uzi ulikatwa kwanza chini ya ulimi. Kisha tumbo likafunguliwa, na utumbo ukafunguliwa sehemu tatu, uzi ukatolewa vipande vipande, maana kuuvuta wote kwa mpasuo mmoja kungeurarua utumbo. Tulikuwa tumewahi, utumbo haukuwa umetoboka. Siku ya pili baada ya upasuaji alikula kijiko cha kuku aliyesagwa, na jirani yangu alilia.

Kutokana na hayo, sharti langu ni hili: usivute. Uzi ukiuona kinywani, usivute. Ukiuona umechungulia nyuma, chini ya mkia, usivute pia, hata kama unaonekana kuwa wa kutoka bila shida, kwa sababu hujui ncha ya pili imeshikwa wapi. Usimnyweshe mafuta ya kupikia wala maziwa, na maji ya chumvi ya kumtapisha usithubutu, kwani chumvi nyingi yenyewe ni sumu. Paka aliyetapika zaidi ya mara moja, asiyekula, na nyumbani mna mti uliopambwa, mtazame chini ya ulimi na umpeleke kwa daktari. Usipouona uzi, mpeleke vilevile, kwa kuwa huenda umekwama tumboni.

Wengine wameniambia wameacha zile nyuzi za kumetameta na badala yake wanatundika utepe wa kitenge au ushanga uliotungwa. Nawapongeza kwa rangi, lakini kwa paka kamba ni kamba. Utepe wa baluni na ule wa kufungia zawadi ni hatari ileile, nao hubaki sakafuni asubuhi baada ya sherehe. Ukitaka kitenge, kata vipande vipana ubandike ukutani, au uuvishe mguu wa mti leso nzima. Mti wenyewe, uwe wa plastiki au wa saipresi ulionunua kando ya Ngong Road, ufunge kwa waya kwenye vyuma vya dirisha, kwa maana paka ataupanda.

Kwa wenye mbwa, hasa huko Karen ambako mbwa ni wakubwa na hucheza na chochote cha mviringo, kipimo changu ni kinywa. Pambo lolote linaloweza kuzama kinywani mwa mbwa wako litundikwe juu ya usawa wa kifua chako au lisiwepo. Mpira wa kioo huvunjika ukamkata. Wa plastiki humezwa ukaziba utumbo. Kagua hasa vitaa vidogo vinavyotumia betri bapa za mviringo kama kitufe. Betri hiyo ikikwama kooni huanza kuunguza nyama ndani ya saa moja tu, na haifai kungoja hadi asubuhi.

Jambo la mwisho ni la safari. Wengi wetu tutakwenda ushago, na paka au mbwa atabaki na dada wa nyumbani, askari wa lango au jirani. Zahanati nyingi za wanyama hupunguza saa za kazi kuanzia tarehe 24. Kabla ya siku hiyo piga simu kwa daktari wako, muulize nani atakuwa zamu tarehe 25 na 26, kisha andika nambari hiyo kwenye karatasi uibandike mlangoni mwa friji, umwonyeshe anayebaki. Na lile shada la lili mlilozawadiwa ofisini, mpelekee jirani asiye na paka.