Pengo moja, majibu matatu

Mpe mwanafunzi wa kidato cha kwanza sentensi hii ya Kiingereza, umwambie ajaze pengo kwa kitenzi lose: Juma ____ his key. Mmoja ataandika lost, wa pili has lost, wa tatu had lost. Wote wamepatia, kwa sababu hakuna kinachoonyesha ufunguo ulipotea lini. Zoezi la namna hii halimpimi mtu.

Zoezi zuri hutia dalili ya wakati ndani ya sentensi. Juma ____ his key yesterday: tukio limefungwa jana, jibu ni lost. Juma cannot open the door because he ____ his key: mlango haufunguki hadi sasa, jibu ni has lost. Hapa Wamarekani wengi wangeandika lost tu, lakini shule zetu hufuata Kiingereza cha Uingereza. Juma could not open the door because he ____ his key: ufunguo ulipotea kabla ya kushindwa kufungua, jibu ni had lost, sawa na "alikuwa amepoteza".

Mzungumzaji wa Kiswahili hunaswa zaidi na "-me-". Sisi twasema "nimefika jana" bila wasiwasi, naye akiihamisha hupata I have arrived yesterday. Kiingereza hakikubali: kikitajwa kipindi kilichokwisha, kama jana au 2019, have huondoka, na jibu ni I arrived yesterday.

Tena "-me-" mara nyingi hueleza hali iliyopo sasa. "Nimechoka" ni I am tired. Kwa hiyo weka pia pengo hili: Be quiet, the baby ____, na kitenzi sleep. Anayewaza "mtoto amelala" ataandika has slept, ilhali jibu ni is sleeping. Kosa hilo linamwonyesha mwalimu kwamba mwanafunzi anafuata kiambishi, hafuati maana.

Ukanushaji una mtego wake. Katika "hakupoteza", "-ku-" hubeba wakati uliopita na kitenzi hakibadiliki. Katika Kiingereza kazi hiyo ni ya did, kwa hiyo Juma did not ____ his key hujazwa lose. Anayeandika did not lost ameuweka wakati uliopita mara mbili.

Wakati wa kusahihisha, usiishie kwenye alama ya kosa. Mwambie mwanafunzi apige mstari chini ya maneno yaliyomwongoza: yesterday, cannot, could not. Aliyepiga mstari mahali sahihi akaandika losed ameelewa wakati, bali hajakariri umbo la kitenzi. Huyo apewe orodha ya lose, lost, lost. Aliyeandika has lost mbele ya yesterday analijua umbo lakini hajaiona dalili, na orodha haitamsaidia. Huyo apewe sentensi nyingine zenye kitenzi kilekile, zinazotofautiana kwa dalili tu.