Kugawa Ikisiri katika Sehemu Nne kwa Kiswahili: Kisa cha Utafiti wa Mbung'o katika Ukanda wa Arua na Koboko

1.0 Utangulizi

Ikisiri nyingi zinazoandikwa kwa Kiswahili huwa ni aya moja inayotiririka kutoka mada hadi pendekezo. Katika taaluma za tiba na afya ya jamii, mtindo huo umekuwa ukiachwa tangu mwaka 1987, wakati jarida la Annals of Internal Medicine lilipochapisha pendekezo la kuigawa ikisiri katika sehemu zenye vichwa vyake. Siku hizi majarida mengi ya taaluma hizo hudai usuli, mbinu, matokeo na hitimisho, tena ndani ya idadi ya maneno isiyovukwa.

Makala haya yanaeleza jinsi aya moja inavyobadilishwa kuwa sehemu nne kwa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba ugumu wa kazi hiyo hautokani na upungufu wa maneno. Unatokana zaidi na viambishi vya Kiswahili, ambavyo humwezesha mwandishi kuacha nomino bila kuvunja sarufi, na hivyo kumficha msomaji ni kitu gani hasa kilichopimwa.

Kisa kinachotumika kinatoka Nile Magharibi, kaskazini magharibi mwa Uganda. Arua, Maracha na Koboko ni miongoni mwa wilaya zenye historia ndefu ya malale aina ya Gambia, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o, ambao wengine huwaita ndorobo. Koboko inapakana na Sudani Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na upande wa pili wa mpaka, katika miji kama Aru na Ariwara, Kiswahili ni lugha ya kila siku. Mlugbara wa Arua, Mkakwa wa Koboko na mhudumu wa afya wa Aru wanaweza kukutana katika Kiswahili kuliko katika lugha ya mmoja wao. Kwa hiyo, ikisiri ya Kiswahili kuhusu malale ina wasomaji halisi, na baadhi yao hawatasoma chochote zaidi ya ikisiri hiyo.

2.0 Utafiti Wenyewe

Mwaka 2015, Tirados na wenzake walichapisha katika jarida la PLoS Neglected Tropical Diseases matokeo ya jaribio la kudhibiti mbung'o katika maeneo yenye malale nchini Uganda. Walitumia vitambaa vidogo vya sentimita 25 kwa 50, nusu kitambaa cha buluu na nusu wavu mweusi, vilivyotiwa viuadudu. Mbung'o wa eneo hilo huishi kandokando ya mito. Huvutiwa na rangi ya buluu, hugusa kitambaa au wavu, kisha hufa.

Ikisiri ya Kiingereza ya utafiti huo imegawanywa katika sehemu tatu, kwa kuwa mbinu na matokeo yameunganishwa, na takwimu za gharama zimewekwa katika sehemu ya mwisho. Kuihamishia katika sehemu nne kunamlazimu mwandishi kuamua kila takwimu inatoka wapi: je, ilihesabiwa porini, au ilikadiriwa mezani?

3.0 Aya Moja ya Mazoea

Aya ifuatayo imetungwa kwa ajili ya makala haya. Inatumia taarifa za utafiti huo kwa mtindo uliozoeleka:

"Malale ya Gambia ni ugonjwa hatari unaoenezwa na mbung'o na kwa miaka mingi umekuwa tatizo kubwa katika nchi nyingi za Afrika. Makala haya yanachunguza matumizi ya vitambaa vidogo vilivyotiwa viuadudu kaskazini magharibi mwa Uganda kwa lengo la kupunguza mbung'o na wagonjwa. Vitambaa viliwekwa kandokando ya mito na baada ya hapo walipungua kwa zaidi ya asilimia 90, ilhali asilimia 72 inatosha kukomesha maambukizi. Kwa hiyo njia hii, ambayo gharama yake ni ndogo, itakomesha malale na inapendekezwa itumike katika maeneo mengine."

Aya hii ina maneno 79. Sarufi yake ni sahihi, na kila neno ni la kawaida. Hata hivyo, ina kasoro tatu ambazo mshauri wa sera hawezi kuzigundua kwa kuisoma tu.

Kwanza, ni nani "walipungua"? Mbung'o na wagonjwa wote huchukua upatanisho wa viumbe hai. Nomino iliyo karibu zaidi na kitenzi hicho ni "wagonjwa", na msomaji mwenye haraka ataelewa kwamba wagonjwa wa malale walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Jambo hilo halikuripotiwa. Waliohesabiwa ni mbung'o. Swali la athari za vitambaa kwa idadi ya wagonjwa katika ukanda huo lilihitaji utafiti wake wenyewe, na lilishughulikiwa na Bessell na wenzake mwaka 2021.

Pili, asilimia 90 na asilimia 72 zimewekwa pamoja kana kwamba zina asili moja. Ile ya kwanza inatokana na mbung'o walionaswa katika mitego. Ile ya pili ni zao la kielelezo cha kihisabati kinachokadiria ni upungufu gani wa mbung'o ungetosha kukata mnyororo wa maambukizi.

Tatu, sentensi ya kwanza inatumia maneno 21, zaidi ya robo ya aya nzima, kusema jambo ambalo kila msomaji wa malale analijua tayari, huku gharama ikitajwa kuwa "ndogo" bila kulinganishwa na chochote.

4.0 Ikisiri Iliyogawanywa

Tuseme ukomo ni maneno 120, vichwa vikiwamo. Kazi huanza na matokeo, kwa kuwa ndiyo sehemu isiyoweza kubadilishwa. Kila takwimu ya matokeo kisha hutafutiwa chanzo chake katika mbinu. Hitimisho hufuata, na usuli huandikwa mwisho kwa maneno yaliyobaki. Zao la hatua hizo ni hili:

Usuli: Upimaji na tiba ya malale ya Gambia kwa kawaida hufikia takribani asilimia 75 ya watu. Udhibiti wa mbung'o umedhaniwa kuwa ghali. Utafiti ulijaribu vitambaa vidogo vilivyotiwa viuadudu.

Mbinu: Katika eneo la kilomita za mraba 500 kaskazini magharibi mwa Uganda, vitambaa viliwekwa kandokando ya mito kwa wastani wa 5.7 kwa kila kilomita ya mraba. Mbung'o walihesabiwa kwa mitego. Kielelezo cha kihisabati kilikadiria upungufu unaohitajika. Gharama zilikadiriwa pia.

Matokeo: Mbung'o walipungua kwa zaidi ya asilimia 90. Kielelezo kilionyesha kuwa upungufu wa asilimia 72 ungetosha kukomesha maambukizi. Udhibiti wa mwaka mmoja ungegharimu dola 42,700. Awamu moja ya kupima asilimia 80 ya watu, dola 433,333.

Hitimisho: Upungufu wa mbung'o ulizidi kiwango kilichokadiriwa. Kuongeza vitambaa katika upimaji na tiba kunaweza kukomesha maambukizi.

Ikisiri hii ina maneno 118. Usuli umeacha kueleza malale ni nini, na badala yake unaonyesha pengo: robo ya watu hawafikiwi na upimaji. Gharama zimehama kutoka hitimisho hadi matokeo, nazo zimetangazwa katika mbinu, ili hitimisho lisilete takwimu mpya ambayo msomaji hajaambiwa ilipatikanaje.

5.0 Kiswahili na Hesabu ya Maneno

Kompyuta huhesabu maneno kwa nafasi zilizopo kati yake, na kipimo hicho hakiitendei kila lugha sawa. Katika Kiswahili, takwimu ni ghali. "Asilimia 90" ni maneno mawili, wakati Kiingereza huandika tarakimu na alama yake kama neno moja. "Kilomita za mraba 500" ni maneno manne. Viunganishi kama "ya", "wa" na "kwa" navyo huhesabiwa kila kimoja.

Kitenzi, kwa upande mwingine, ni nafuu. Nafsi, njeo na hali ya masharti vyote hukaa ndani ya neno moja. Jambo hili lina umuhimu wa pekee katika kuonyesha kiwango cha uhakika. "Utatosha", "unatosha" na "ungetosha" ni neno moja moja, lakini la kwanza linaahidi, la pili linathibitisha, na la tatu linaeleza makadirio. Mwandishi wa Kiswahili hawezi kujitetea kwamba aliondoa tahadhari ili kuokoa maneno, kwa sababu kiambishi -nge- hakigharimu hata neno moja. Aya ya mazoea ilisema njia hiyo "itakomesha" malale. Ikisiri iliyogawanywa inasema "kunaweza kukomesha". Tofauti ni neno moja, nalo linastahili kulipiwa.

Unafuu huohuo wa kitenzi ndio mtego wenyewe. Mwandishi anayepunguza maneno huanza kwa kuondoa nomino, kwa kuwa kiambishi cha nafsi kinaonekana kutosha. Ndani ya sentensi moja huenda kikatosha. Kuvuka kutoka sehemu moja hadi nyingine hakitoshi, kwa sababu wasomaji wengi huruka usuli na mbinu na kuanza moja kwa moja na matokeo. Hivyo, sentensi ya kwanza ya kila sehemu inapaswa kutaja nomino yake kamili, hata kama ilitajwa mstari mmoja juu.

6.0 Namna ya Kuhakiki

Mhariri anaweza kugundua kasoro hizi bila kuwa mtaalamu wa wadudu. Hufunika sehemu tatu na kusoma matokeo peke yake, akiuliza kila kiambishi cha nafsi kinamrejelea nani. Kisha hupigia mstari kila takwimu na kutafuta katika mbinu kitenzi kilichoizaa: "walihesabiwa" au "kilikadiria". Takwimu isiyo na kitenzi chake haina nafasi katika ikisiri. Mwisho, hulinganisha vitenzi vya hitimisho na vya matokeo. Hitimisho halipaswi kuwa na uhakika mkubwa kuliko matokeo yaliyolitangulia.

Hata ikisiri iliyohakikiwa hivyo ina mipaka yake. Maneno 118 hayasemi vitambaa hudumu kwa muda gani, wala nani atavibadilisha vikichakaa au kusombwa na mafuriko. Hayasemi pia hali ilivyo sasa: mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale ya Gambia si tena tatizo la afya ya umma nchini Uganda. Wagonjwa wanapokuwa wachache, uamuzi wa kuendelea au kuacha kuweka vitambaa kando ya mito ya Koboko unahitaji takwimu nyingine, zikiwamo za ng'ambo ya mpaka. Ikisiri iliyogawanywa vizuri humwezesha mshauri wa sera kuuona upungufu huo, kwa sababu anaweza kusoma katika sehemu ya mbinu kilichopimwa na kutambua ambacho hakikupimwa.