Kipindi cha Maswali Kabla ya Kozi Kuanza

Kipindi cha maswali na majibu mubashara huwafaa zaidi watu ambao wameshaisikia kozi na kuipenda, ila hawajalipa. Mtu wa namna hiyo hahitaji tangazo jingine. Kuna jambo moja au mawili yanayomzuia, na mara nyingi anaona haya kuyauliza. Kwa hiyo maandalizi huanza kwa kuyatafuta mambo hayo. Simu na taa ni vya baadaye.

Tuseme fundi cherehani wa Morogoro anafundisha ushonaji wa nguo za kike kwa miezi 3, ada ni shilingi 240,000, na anatafuta wanafunzi 12. Siku kumi kabla ya kipindi anarudi kwenye meseji za walioulizia bei kisha wakanyamaza, na kumwuliza kila mmoja angependa kufafanuliwa nini. Yatakayorudi hayatamshangaza: asiye na cherehani nyumbani atafanyaje mazoezi? Mwenye kibarua cha mchana atasoma saa ngapi? Ada inalipwa kidogo kidogo? Cheti kinatambuliwa na VETA?

Kila swali huandaliwa jibu fupi lenye jambo la kushika. Ada italipwa kwa awamu 3 za shilingi 80,000, ya kwanza siku ya kujiandikisha. Swali la cheti ndilo linalotaka ukweli kuliko yote: kama kituo hakijasajiliwa, fundi aseme waziwazi kwamba cheti ni cha kituo chenyewe, kisha aeleze mwanafunzi atakuwa anaweza kushona nini akimaliza. Akizungukazunguka hapo, wasikilizaji watayatilia shaka hata majibu yake mengine.

Jukwaa nalo lichaguliwe mapema, kwa kuwa yana masharti. YouTube huruhusu kurusha mubashara kwa simu akaunti yenye wafuatiliaji angalau 50, na kibali cha mara ya kwanza huweza kuchukua hadi saa 24. Zoom ya bure hukata mkutano baada ya dakika 40. Anayegundua hayo jioni ya kipindi huwa amechelewa. Busara ni kufanya jaribio siku mbili tatu kabla, mahali palepale na saa ileile, maana mtandao unaokwenda vizuri asubuhi unaweza kuelemewa usiku. Saa 3 usiku, baada ya chakula na taarifa ya habari, huwafaa wengi waliotoka kazini.

Fundi asikae peke yake. Anahitaji msaidizi wa kusoma maswali, kuyapanga na kuyaunganisha yanayofanana. Simu ya kurushia nayo isiwe ile inayopigiwa na wateja, kwani simu ikiingia inaweza kukatiza matangazo. Laini ihamishiwe kwenye simu nyingine.

Kipindi cha dakika 45 hutosha maswali kama 12, yakichukua dakika mbili au tatu kila moja. Fundi ajitambulishe kwa dakika mbili tu, kisha aanze na swali alilotumiwa mapema. Wageni huogopa kuwa wa kwanza kuuliza. Wakisikia la mwenzao limejibiwa, hujitokeza. Kila swali lisomwe kwa sauti kabla ya kujibiwa, kwa faida ya aliyechelewa kuingia.

Ugeni mkubwa wa mubashara ni ucheleweshaji. Sauti inaweza kumfikia mtazamaji sekunde kadhaa baada ya kutamkwa, na yeye bado anahitaji muda wa kuandika. Fundi akiuliza, “Kuna swali?” na kuona kimya, hudhani watu wamechoka, akafunga kipindi wakati maswali yako njiani. Ndiyo maana huwekwa maswali matatu ya akiba: msaidizi husoma moja, na likiisha kujibiwa mapya yameshaingia.

Anayeulizia bei ajibiwe hapohapo kwa tarakimu. Kumwambia aje faragha humfanya ahisi kwamba bei hupangwa kwa kumwangalia mtu usoni. Maelezo ya kujiandikisha yatolewe karibu na dakika ya 25, yarudiwe mwishoni, kwani wengi huondoka kabla ya kuaga. Yawe mepesi: namba ya kulipia, jina litakalotokea kwenye simu, siku ya mwisho, na neno moja la kutuma, kwa mfano SINDANO.

Neno hilo ndilo litakaloonyesha kipindi kimezaa nini. Wakiingia watu 60, wakatuma neno 15 na kulipa 2, kasoro imo katika hatua ya malipo: huenda awamu ya kwanza ni nzito au meseji zilijibiwa kwa kuchelewa. Wakiingia 60 na kutuma neno 2 tu, majibu hayakugusa kilichowazuia, na fundi anapaswa kurudi kwenye meseji za walionyamaza. Maswali yaliyobaki hujibiwa kabla ya kesho yake jioni, yakianza ya wale waliotuma neno.