Kamusi Kumi na Nne Zilizomezwa na Kompyuta

Msomaji mpenzi, usije ukadhani kwamba kompyuta ikiambiwa "ondoa yanayojirudia" huelewa kinachojirudia kama uelewavyo wewe. Hapana! Ina macho yake. Nitakueleza kwa kutumia orodha ya kamusi za maktaba yetu, maana hapo ndipo mambo yalipoharibika kweli kweli.

Maktaba ina kamusi 40 za aina moja. Kila nakala ilipewa alama yake: KAM-A, KAM-B, hadi KAM-Z. Alfabeti ilipokwisha, mkutubi akaendelea kwa herufi ndogo: KAM-a, KAM-b, mpaka KAM-n. Hesabu mwenyewe: 26 na 14, jumla 40. Orodha ilikuwa katika Excel, lakini ilikuwa imeunganishwa kutoka madaftari mawili, basi ikawa na mistari 43. Nakala tatu zilikuwa zimeandikwa mara mbili mbili. Moja ilikuwa KAM-F na KAM-F, sawa kabisa. Ya pili ilikuwa KAM-C na KAM-C tena, ila hii ya pili ilifuatwa na nafasi tupu ambayo jicho halioni. Ya tatu ilikuwa KAM-D, na pengine KAM D bila kistari.

Mtu yeyote angesema: futa mistari 3, zibaki 40. Basi orodha nzima ikachaguliwa, ikabofywa Data, kisha Remove Duplicates, na humo ikatikiwa safu ya alama peke yake. Mashine ikajibu:

```
15 duplicate values found and removed; 28 unique values remain.
```

Kumi na tano! Nini kilitokea? Amri hiyo haijali ukubwa wa herufi. Kwake KAM-a ni KAM-A tu. Huacha mstari wa kwanza inaoukuta na kufuta unaofuata, kwa hivyo nakala zote 14 za herufi ndogo zikaenda na maji, pamoja na majina ya wanafunzi waliozishika. KAM-F ya pili ndiyo pekee iliyofutwa kwa haki. Lakini ajabu ni kwamba mashine hiyo hiyo inayopuuza ukubwa wa herufi haipuuzi nafasi tupu hata moja. Kwake nafasi ni herufi kama herufi nyingine, na kistari vilevile. Ndiyo maana KAM-C na KAM-D zilibaki mbili mbili. Ilifuta zisizofaa kufutwa, ikaacha zilizofaa.

Kuna wanaosema, ati chagua safu zote badala ya moja, utakuwa salama. Si kweli. Hapo mstari hufutwa ukifanana na mwingine katika kila safu. Tarehe ya kuazima ikionekana 3/2/2025 mahali pamoja na 3-Feb-25 pengine, hata kama ni siku ile ile, mashine huona vitu viwili, kwa sababu amri hii hutazama kinachoonekana kwenye kisanduku.

Dawa ni kuifanyia mashine safu za kusaidia. Kwanza tulirudisha orodha ya mistari 43 (kwa bahati ilikuwa imehifadhiwa nakala). Kama alama ziko safu ya A, andika hii katika B2, uishushe hadi mwisho:

```
=SUBSTITUTE(TRIM(A2)," ","-")
```

TRIM hukata nafasi za mwanzo na mwisho, na nafasi inayobaki katikati inageuzwa kistari. Kisha katika C2:

```
=B2&CODE(RIGHT(B2,1))
```

CODE hutoa namba ya herufi ya mwisho: A ni 65, a ni 97. Sasa KAM-A inakuwa KAM-A65 na KAM-a inakuwa KAM-a97. Hata asiyejali ukubwa wa herufi hawezi kuzichanganya. Ukitaka kuhakikisha usafi, =LEN(B2) lazima itoe 5. Ikitoa 6, huenda kuna ile nafasi ngumu inayonakiliwa kutoka kurasa za mtandao. TRIM haiigusi, igeuze kwanza kwa SUBSTITUTE(A2,CHAR(160)," ").

Tukachagua orodha nzima, tukaweka alama kwenye safu ya C tu, lakini kabla ya kubofya tulitazama ile mistari mitatu yenye mapacha. Mstari wa juu wa KAM-D ulikuwa na jina la mwanafunzi aliyekwisha kurudisha kamusi; KAM D wa chini ulikuwa na jina la aliyenayo sasa. Mashine ingebakiza wa juu, na yule wa kwanza angedaiwa kitabu asichonacho siku ya kuondoka shuleni. Basi mstari wa chini ukapandishwa juu, ndipo tukabofya. Zikafutwa 3, zikabaki 40.